Je, huyu ni nzige au panzi? Kusoma picha ya mdudu kwa dalili moja moja

Picha huja na swali moja: "Hawa ni nzige?" Mara nyingi jibu ni hapana. Lakini zipo chache ambazo jibu ni ndiyo, na katika hizo rangi na umbo la mdudu hueleza pia kundi lake liko hatua gani na litafanya nini wiki zinazofuata.

Mwongozo huu unamhusu hasa nzige wa jangwani, yule aliyeingia Kenya mwishoni mwa Desemba 2019, akafika Uganda Februari 2020, na mapema 2021 akaonekana mkoani Kilimanjaro. Kwa jina la kitaalamu ni *Schistocerca gregaria*. Nzige naye ni panzi. Kinachomtenga na panzi wengine ni uwezo wa kuishi maisha ya aina mbili: ya upweke, ambapo ni panzi wa kawaida tu anayejificha majanini, na ya kundi, ambapo hubadili tabia, rangi na hata umbo la mwili. Mabadiliko hayo yaliwahi kuwachanganya hata wataalamu. Mwaka 1921 Boris Uvarov alionyesha kwamba wadudu wawili waliokuwa wakihesabiwa kuwa aina mbili tofauti walikuwa nzige mmoja katika hali mbili: nzige mhamaji, ambaye ni aina nyingine, si yule wa jangwani. Kwa hiyo asikulaumu mtu ukikwama kwenye picha moja ya simu.

Anza na dalili inayofanana na ya kwako. Usianze na rangi, hata kama ndiyo inayovuta jicho.

Dalili: Wadudu wengi wamejaa kwenye taa usiku, wa kijani au kahawia

Hii ndiyo picha inayotisha watu bure kuliko zote, hasa Kagera na Uganda misimu ya mvua. Sababu ya kwanza, na karibu kila mara ndiyo yenyewe, ni senene.

Angalia vipapasio vya kichwani. Vya senene ni vyembamba kama uzi na ni virefu kupita mwili wenyewe. Vya nzige ni vifupi na vinene kidogo, haviukaribii hata nusu ya urefu wa mwili. Senene pia ana kichwa kilichochongoka mbele, na jike ana mkia kama upanga wa kutagia mayai. Ukiona vipapasio virefu, kazi imeisha. Huna haja ya kupima kitu kingine.

Picha ikiwa imekata vipapasio, omba nyingine. Usikisie kwa rangi ya kijani. Tunutu, yaani watoto wa nzige ambao hawajaota mabawa, nao huwa wa kijani wanapoishi peke yao, na senene wenyewe wapo wa kijani, wa kahawia na wenye michirizi ya zambarau.

Dalili: Wadudu weusi wenye madoa ya njano wamejazana kwenye jani la muhogo

Hapa kuna sababu mbili, na ya kawaida zaidi si nzige.

Ya kwanza ni yule panzi anayenuka, *Zonocerus elegans*, mdudu wa mihogo na bustani. Watoto wake ni weusi wenye alama za njano au nyeupe, na hukaa kwa makundi wakigusana kwenye mmea mmoja. Wakikua huwa wa kijani iliyokolea wakiwa na mistari myeusi na ya njano, na vipapasio vyao huwa na pete za rangi ya chungwa. Kichwa kimelala kuelekea nyuma, uso haukusimama wima. Wengi wana mabawa mafupi yasiyofika mwisho wa tumbo. Ukimsogelea harukii mbali. Anajikongoja kana kwamba hana adui, na kweli wengi hawamli, kwa kuwa mwili wake umebeba sumu. Asishikwe na watoto, na kuku wasitupiwe.

Ya pili ni tunutu wa nzige wa jangwani walioishi kwa kundi. Hawa huzaliwa weusi, kisha kila wanapobambua ganda rangi ya njano inaongezeka, hadi wanakuwa wa njano wenye mabaka meusi. Uso wao umesimama wima, paja la nyuma ni nene, na migongoni mwa wakubwa vionekane vibawa vichanga vinavyochipuka.

Kama picha haitoshi, muulize aliyeipiga: wanafanya nini? Tunutu wa kundi hutembea. Asubuhi hukusanyika wakiota jua, kisha huandamana ardhini kuelekea upande mmoja, mamia na maelfu pamoja, wakipita kwenye udongo mtupu baina ya mimea. Panzi wa mihogo hana safari hiyo. Video ya nusu dakika hapa ina faida kuliko picha kumi za karibu.

Ikiwa video inaonyesha maandamano ya wadudu weusi na njano ardhini, acha utambuzi na piga simu kwa afisa kilimo wa kata siku hiyo hiyo. Tunutu hawana mabawa, kwa hiyo hawawezi kukimbia dawa. Muda wao wa kutoruka ni kama mwezi mmoja tu, na baada ya hapo wataondoka kwa kuruka.

Dalili: Panzi mmoja mkubwa, wa kahawia, mwenye mabawa ya madoa

Hili ndilo fumbo lenyewe, na wengi hukosea hapa. Mdudu ana urefu wa kidole, ana mabawa marefu yenye madoa, amekaa ukutani au kwenye mchicha. Zipo sababu nne, kuanzia inayotokea zaidi.

Anayeongoza ni nzige wa bustani, *Acanthacris ruficornis*. Huyu anaitwa nzige kwa ukubwa wake tu, kwani haundi makundi ya kuhama. Mtazame kwa juu. Ana mstari mpana wa rangi hafifu unaotoka kichwani, unapita katikati ya mgongo na kuendelea hadi kwenye mabawa yaliyokunjwa. Kifuani kwa chini ana vinyweleo vingi. Picha ya upande haionyeshi mstari huo vizuri, na ndiyo maana picha ya kutoka juu ni ya lazima.

Anayefuata, hasa maeneo makavu yenye migunga, ni nzige wa miti. Ni mkubwa, wa kijivu, hukaa kwenye matawi badala ya ardhini, na huruka usiku. Alama yake kuu imefichwa: bawa la nyuma lina mkanda mweusi wa upinde. Bawa la nzige wa jangwani halina mkanda wowote, linapitisha mwanga. Kwa hiyo, kama mdudu amekufa, fungua bawa moja polepole, liweke juu ya karatasi nyeupe, piga picha. Alama nyingine ni gamba linalofunika shingo. La nzige wa miti lina ukingo uliosimama katikati, umekatwa na mifereji mitatu. La nzige wa jangwani ni laini na halina ukingo huo.

Wa tatu, kwa walio Rukwa, Katavi, bonde la Malagarasi au mbuga za Wembere, ni nzige mwekundu. Maeneo hayo ya Tanzania yanajulikana tangu zamani kuwa mazalio yake. Bawa lake la nyuma lina wekundu kwenye shina, na bawa la mbele limekatwa na mikanda ya kahawia. Huyu ni nzige kamili, mwenye kuunda makundi, na ana shirika lake la kumdhibiti lenye makao Ndola, Zambia. Usimwache kwa kuwa si yule wa jangwani. Ripoti inahitajika vilevile.

Wa mwisho ni nzige wa jangwani aliye katika hali ya upweke. Ni wa rangi ya mchanga au kijivu, mabawa ya mbele yana mabaka meusi makubwa, na ncha zake zinapita mwisho wa tumbo. Mgeuze chali: kati ya miguu ya mbele, pale kooni, ana kinundu kilichonyooka chenye ncha butu. Kinundu hicho kinakusaidia kumwondoa nzige mhamaji, ambaye hana kabisa, lakini hakimtengi na nzige wa miti wala wa bustani, kwani nao wanacho. Watu hukishangilia mno.

Na hata akiwa ni yeye, mmoja si dharura. Wapweke wamekuwapo siku zote pembezoni mwa majangwa. Andika mahali na tarehe, tuma, endelea na shughuli zako.

Dalili: Ni nzige, lakini rangi haieleweki: waridi, njano, au mchanganyiko

Sasa tumefika kwenye rangi, na imekuja hapa makusudi. Rangi haifai kumtambulisha mdudu. Inafaa kusoma hatua, baada ya umbo kukuambia kwamba huyu ni nzige wa jangwani.

Kwanza ondoa makosa ya picha yenyewe. Taa ya njano ya nyumbani humfanya mdudu yeyote awe wa njano. Jua la machweo humpa uwaridi. Mdudu aliyekufa siku mbili hufifia na kuwa kahawia, na aliyelowekwa kwenye spiriti hupoteza rangi kabisa. Dawa yake ni nyepesi: weka karatasi nyeupe kando yake, piga picha kivulini mchana, bila mwako wa kamera wala vichujio vya kupamba. Karatasi ikionekana ya njano kwenye picha, unjano wa mdudu nao hauna maana.

Picha ikiwa safi, maana za rangi ni hizi.

Waridi ni nzige wa kundi aliyeota mabawa lakini hajapevuka. Ana njaa, anaruka mchana kufuata upepo, na hatagi. Kundi la waridi lililotua shambani leo huenda kesho halipo. Likikaa muda mrefu kwenye baridi, uwaridi hukolea na kuelekea wekundu wa kahawia, na hapo watu hulidhania kuwa ni nzige mwekundu. Fungua bawa la nyuma kabla ya kuandika hivyo.

Njano ya kung'aa ni nzige wa kundi aliyepevuka. Madume hukolea zaidi kuliko majike. Kundi la njano linatafuta udongo wa kichanga wenye unyevu ili litage, na katika joto mayai huanguliwa baada ya wiki mbili hivi. Kwa hiyo picha ya nzige wa njano inakuambia urudi mahali palepale baada ya siku kumi na kuendelea, uchungulie ardhi. Mwaka 2020 kaskazini mwa Kenya mambo yalikwenda hivyo: makundi yaliyoingia yakiwa ya waridi yalipevuka, yakataga, na kabla msimu haujaisha kizazi kipya kilikuwa kimeota mabawa.

Mchanganyiko wa waridi na njano ni kundi linaloelekea kupevuka. Andika zote mbili na ukadirie ipi imezidi. Usichague moja ili ripoti ipendeze.

Rangi ya mchanga, lakini wapo wengi pamoja. Hii ndiyo picha ninayoipa uzito kuliko ile ya waridi, ingawa haina mvuto. Mvua ikinyesha jangwani, wapweke huzaana. Mimea ikikauka, hubanana kwenye vipande vichache vya majani vilivyobaki. Kugusana miguu ya nyuma huwabadilisha tabia haraka sana. Utafiti uliochapishwa 2009 ulionyesha kwamba ndani ya saa mbili hivi kemikali ya serotonini huongezeka katika mishipa yao ya fahamu, na mdudu aliyekuwa akikwepa wenzake anaanza kuwafuata. Rangi haiwezi kwenda kasi hiyo. Tunutu hubadilika rangi kadiri anavyobambua magamba, na umbo la mwili huchukua hadi kizazi kinachofuata. Kwa hiyo wanaweza kuwepo nzige wanaokwenda pamoja kama kundi huku bado wamevaa rangi ya upweke. Ukisubiri waridi ndipo uripoti, umechelewa.

Dalili: Rangi na tabia havikubaliani

Basi pima umbo. Mdudu aliyekwisha ota mabawa habadilishi tena vipimo vya mwili wake. Vinabaki kumbukumbu ya jinsi alivyokulia. Aliyekulia kwenye msongamano ana kichwa kipana na paja fupi kwa kulinganisha. Aliyekulia peke yake ana kichwa chembamba na paja refu. Gamba la shingo nalo hubanwa katikati kwa aliyekulia kundini, likawa kama tandiko la punda.

Unahitaji picha mbili zenye rula kando ya mdudu, kwa kuwa paja linapimwa kwa ubavuni na upana wa kichwa kwa mbele au kwa juu. Wengine huweka kiganja cha mkono badala ya rula, kana kwamba viganja vyote vimekatwa kwa kipimo kimoja. Rula ilale usawa mmoja na mdudu, si chini zaidi, na simu itazame wima bila kuinama.

Tuseme picha imetoka Simanjiro. Mdudu ni wa rangi ya mchanga, mwenye mabaka meusi mabawani. Hana mstari mpana mgongoni wala mkanda kwenye bawa la nyuma. Aliyemkuta anasema walikuwa kama hamsini kwenye kichaka kimoja, wakaruka kwa pamoja. Rangi inasema upweke, tabia inasema kundi. Kwenye rula, paja la nyuma lina milimita 25, kichwa kina upana wa milimita 7.6, bawa la mbele lina milimita 55.

Gawanya paja kwa kichwa: 25 ÷ 7.6 = 3.29. Kwa nzige wa jangwani wa kundi uwiano huu huwa karibu na 3.15, kwa mpweke huanzia kama 3.75. Sasa gawanya bawa kwa paja: 55 ÷ 25 = 2.2. Wa kundi hukaribia 2.2 na zaidi kidogo. Mpweke hukaa karibu na 2.05. Vipimo vyote viwili vinaegemea upande wa kundi, ingawa cha kwanza hakijafika kabisa. Huyu alikulia kwenye msongamano kiasi. Yuko njiani, na njia inaelekea kusikotakiwa.

Lakini ni mdudu mmoja. Kosa la nusu milimita kwenye kichwa lingeweza kusogeza jibu hilo hadi 3.5, ambayo haisemi chochote. Wataalamu hupima wengi, madume na majike kando kando, ndipo waseme. Wewe ukipata watano au sita wanaoegemea upande mmoja, tayari una kitu cha kumpelekea afisa. Ukipata mmoja, mpeleke pamoja na vipimo, usitangaze hali ya kundi.

Pa kuachia

Usipulize dawa mwenyewe. Makundi hupigwa dawa maalumu zenye ujazo mdogo sana, na vifaa vyake, kwa watu waliofunzwa. Pampu ya mgongoni yenye dawa ya nyanya haizuii kundi. Inakuachia mboga zenye sumu.

Usile wala usiwalishe kuku nzige waliotoka eneo lililopulizwa, au ambalo hujui kama limepulizwa. Nzige aliyelala chini akitetemeka miguu amekwisha guswa na dawa.

Ukituma picha kwa Watsapu, itume kama faili, maana ikitumwa kama picha ya kawaida inabanwa na taarifa za mahali na saa zinafutika. Hata hivyo ziandike kwa maneno: kijiji, tarehe, saa, wamekaa au wanaruka, wanaelekea wapi, eneo kubwa kiasi gani. Maafisa wenye programu ya eLocust3m wataziingiza humo pamoja na picha.

Na kama umetazama vipapasio, mgongo, bawa la nyuma na rangi kivulini, bado hujui, usiendelee kupiga picha nyingine. Mtie mdudu kwenye chupa yenye tundu dogo, au kwenye friji kama amekufa, andika ulikompata, umkabidhi afisa kilimo. Tofauti kama ya kinundu cha kooni au vinyweleo vya kifuani huonekana akiwa mkononi, na kwenye kioo cha simu haitaonekana hata ukikuza vipi.